Fidia Si Ziada: Hoja Dhidi ya Kuchanganya Mishahara Miwili

Kuna kauli moja inayorudiwa sana katika midahalo yetu ya wanafunzi kila mazungumzo yanapogusa mishahara. Kauli yenyewe ni hii: anayelipwa zaidi ya wenzake analipwa kwa sababu kazi yake ni ngumu zaidi, ya hatari zaidi, au ya kuchosha zaidi. Inatamkwa kwa utulivu kama methali, na baada ya hapo mdahalo hufungwa. Kazi ngumu, malipo makubwa. Kazi nyepesi, malipo madogo. Kila mtu kapata stahiki yake.

Ninapinga kauli hiyo. Sisemi kwamba ni uongo mtupu, maana nusu yake ni kweli. Tatizo ni kwamba nusu hiyo ya kweli imetumiwa kuifunika nusu ya pili, na nusu ya pili ndiyo inayotueleza kwa nini watu wazima, wenye nguvu na nia ya kufanya kazi, wanasimama nje ya lango la kiwanda na hawaingii.

Nianze na nusu ya kweli. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alitaja sababu tano zinazofanya malipo ya kazi yatofautiane: kupendeza au kuchukiza kwa kazi yenyewe, ugumu wa kujifunza, uhakika wa kuipata kila siku, kiasi cha uaminifu anachokabidhiwa mfanyakazi, na uwezekano wa kufaulu katika kazi hiyo. Mfano wake wa fundi uashi unaeleweka hata kwetu. Fundi huyo hulipwa zaidi kwa siku kuliko mfanyakazi wa kawaida kwa sababu siku za barafu na hali mbaya ya hewa hukaa bure, na malipo ya siku za kazi lazima yabebe pia siku za kukaa. Kibarua anayeitwa leo na asiyejua kama ataitwa kesho anaielewa hesabu hiyo bila kusoma Smith. Mlinzi wa usiku anayelipwa zaidi ya mlinzi wa mchana anaielewa vilevile.

Malipo ya namna hiyo ni fidia. Mwajiri anaongeza fedha ili kufidia ubaya wa kazi, na anaongeza hadi pale mtu anapoona hakuna tofauti kati ya kazi hiyo na nyingine. Hapo ndipo penye jambo tunalolisahau. Fidia haimwachi mfanyakazi akiwa na nafuu kuliko wenzake. Ukimfukuza mlinzi wa usiku, atapata kazi ya mchana yenye malipo madogo na usingizi kamili, na kwake mambo yatakuwa sawasawa. Kwa hiyo fidia haiko juu ya mshahara wa soko hata kidogo. Ndiyo mshahara wa soko wenyewe, kwa kazi ile yenye ubaya ule. Anayesema kwamba fidia inaeleza kwa nini watu fulani hulipwa zaidi ya kiwango kinachosawazisha soko hajaeleza chochote. Ametaja tu kwamba kuna masoko mengi, kila moja na bei yake.

Ziada ni kitu kingine. Ziada ni pale mwajiri anapolipa zaidi ya kiasi ambacho kingetosha kumpata mtu wa kuifanya kazi hiyo, pamoja na ubaya wake wote, na analipa kwa hiari yake, bila sheria wala chama cha wafanyakazi kumlazimisha. Kwa nini mfanyabiashara mwenye akili timamu afanye hivyo? Nitajibu kwa kisa kimoja, kwa sababu katika kisa hicho pande zote mbili za ubishi huu zina ushahidi wa kutosha, na tunaweza kuona ni upande upi unaoshinda.

Mwaka 1913 kiwanda cha Henry Ford kilichoko Highland Park, karibu na Detroit nchini Marekani, kilianza kuunganisha magari kwa mkanda unaotembea. Zamani mafundi walilizunguka gari. Sasa gari lilipita mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja alirudia kitendo kimoja kuanzia asubuhi hadi jioni. Muda wa kuunganisha fremu ya gari, ambao ulikuwa zaidi ya saa 12, uliporomoka hadi kama saa moja na nusu. Kwa mwenye kiwanda hiyo ilikuwa neema. Kwa aliyesimama kwenye mkanda ilikuwa adha: kasi iliamuliwa na mashine, na akili haikuwa na la kufanya.

Wafanyakazi walijibu kwa miguu yao. Katika mwaka huo mmoja kiwanda kiliajiri watu zaidi ya 50,000 ili kuwa na wafanyakazi kama 14,000 tu kwa wakati mmoja. Wachumi huandika kwamba mzunguko wa wafanyakazi ulifika asilimia 370, yaani kila nafasi ilijazwa upya karibu mara nne kwa mwaka. Kila siku mmoja kati ya kumi hakufika kazini. Malipo yalikuwa kama dola 2.34 kwa siku ya saa 9, baada ya kuongezwa kidogo mwezi Oktoba 1913, na hayakuwa mabaya ukilinganisha na viwanda vingine vya mji huo.

Tarehe 5 Januari 1914 kampuni ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 12 mwezi huo itawalipa wafanyakazi wanaostahili dola 5 kwa siku, na siku yenyewe itapunguzwa hadi saa 8. Malipo yaliongezeka zaidi ya maradufu kwa usiku mmoja.

Wapo wanaosema Ford alilipa hivyo ili wafanyakazi wake waweze kununua magari yake. Hadithi hii hupendwa sana, na inaangushwa na hesabu ya kidato cha kwanza. Nyongeza ilikuwa dola 2.66 kwa siku. Zidisha kwa siku 300 za kazi: unapata dola 798 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi. Gari la kawaida la wazi aina ya T liliuzwa wakati ule kwa takribani dola 500. Hata kama kila mfanyakazi angenunua gari jipya kila mwaka, jambo ambalo hakuna mtu duniani anayelifanya, kiwanda kingekuwa kinatoa dola 798 mfukoni ili kipokee dola 500, na ndani ya hizo 500 zimo gharama za chuma, mpira na rangi. Hakuna anayetajirika kwa njia hiyo.

Tuwaache hao, tuwasikilize wapinzani wenye hoja nzito zaidi, wale wa fidia. Wao husema: mkanda uliifanya kazi iwe mbaya, watu wakakimbia, Ford akalazimika kulipia ubaya huo. Dola 2.66 ni bei ya uchovu na kuchoshwa. Maelezo haya yana mvuto kwa sababu yanaanza na ukweli: kazi ilikuwa imekuwa mbaya kweli, na bila shaka sehemu ya nyongeza ile ilikuwa fidia. Swali ni kama ilikuwa fidia yote.

Ili kujibu hatuhitaji kuingia moyoni mwa Ford. Tunahitaji kutazama lango. Kama dola 5 zingekuwa fidia tupu, mfanyakazi wa Detroit aliyekuwa akilipwa dola mbili na kitu kwenye kazi nyepesi asingekuwa na sababu ya kuhama. Angepima: huku fedha kidogo na pumzi, kule fedha nyingi na mateso; mizani imelingana. Watu wachache wangeacha kazi Highland Park, wachache wangekuja, na lango lingekuwa kimya.

Lango halikuwa kimya. Watu kama 10,000 walijaa nje ya kiwanda katika baridi kali ya Januari. Tarehe 12, siku malipo mapya yalipoanza, umati ulikuwa mkubwa na wenye hasira kiasi kwamba ulitawanywa kwa mabomba ya maji ya kuzimia moto, katika hewa ya kugandisha. Mtu hasimami kwenye barafu akamwagiwa maji ili apate kazi ambayo kwake ni sawa na ile aliyonayo. Foleni ile ndiyo kipimo. Inasema kwamba waliokuwa ndani walikuwa wamepata kitu ambacho waliokuwa nje walikitaka, walikuwa tayari kukifanyia kazi kwa malipo hayohayo au hata kwa pungufu, na hawakupewa.

Wapinzani wana majibu mawili, na ni haki yasikilizwe. Jibu la kwanza ni kwamba biashara ilikuwa imezorota Marekani majira yale, kwa hiyo foleni ilitokana na ukosefu wa kazi kwa ujumla. Hilo lina ukweli, lakini haliwezi kueleza kilichofuata. Mzunguko wa wafanyakazi ulishuka hadi asilimia 54 mwaka 1914, kisha hadi asilimia 16 mwaka 1915. Utoro ulishuka kutoka asilimia 10 hadi karibu asilimia 2 na nusu. Kazi inayolipa fidia kamili tu huachwa na watu kama kazi nyingine yoyote, kwa kuwa aliyeiacha hapotezi kitu. Hii ilishikwa kwa mikono miwili.

Jibu la pili ni kwamba Ford aliwanunua watu bora zaidi, na mtu bora ana bei yake ya soko. Lakini nyongeza haikwenda kwanza kwa watu wapya. Masharti yalimtaka mfanyakazi awe ameshafanya kazi kampuni hiyo kwa miezi sita. Waliopata dola 5 mwanzoni ni watu walewale, kwenye mkanda uleule, waliokuwa wakilipwa dola 2.34 wiki iliyotangulia. Na kazi nyingi zilikuwa zimevunjwavunjwa kiasi kwamba mgeni alijifunza kwa siku chache. Katika kazi kama hiyo ubora wa mtu hauwezi kuongezeka maradufu tarehe 12 Januari.

Wachumi Raff na Summers waliupitia ushahidi huu katika makala yao ya mwaka 1987 na wakafikia hukumu hiyohiyo: foleni ilikuwa ya kweli, tija iliongezeka, na kampuni iliendelea kupata faida.

Sasa tuje kwenye sababu. Ziada inamfaa nini anayeilipa? Chukua mfanyakazi anayefikiria kutegea. Akitegea anapata nafuu ya mwili. Akikamatwa na mnyapara anafukuzwa. Katika kiwanda kinacholipa mshahara wa soko, kufukuzwa ni sawa na kuambiwa avuke barabara. Kesho atapata dola 2.34 kiwanda cha jirani, kwa hiyo adhabu ni sifuri, na mnyapara anaweza kupiga kelele mpaka sauti ikauke. Katika kiwanda kinacholipa dola 5, kufukuzwa kunagharimu dola 2.66 kwa siku, kila siku, mpaka mtu huyo apate tena kazi ya namna hiyo, na huenda asiipate kamwe. Neno lilelile la mnyapara sasa lina uzito, ingawa mnyapara ni yuleyule. Carl Shapiro na Joseph Stiglitz waliiweka hoja hii katika hesabu mwaka 1984, na wakaonyesha matokeo yake: waajiri wengi wakilipa ziada, kazi zinakuwa chache kuliko wanaozitaka, na ukosefu wa kazi wenyewe unageuka kuwa fimbo ya nidhamu.

Njia hii si ya pekee. Mshahara wa juu unaweza pia kupunguza gharama ya kuajiri upya kila wiki, au kumfanya mfanyakazi aone ametendewa wema na arudishe wema kwa bidii. Raff mwenyewe, katika uchunguzi mwingine, alitilia mkazo woga wa Ford kwamba wafanyakazi wangeungana na kuusimamisha mkanda. Woga huo haukuwa wa kubuni, kwani mwezi Juni 1913 kiwanda cha Studebaker mjini humo kilikuwa kimekumbwa na mgomo. Mkanda ni kitu dhaifu: kikundi kidogo kikikaa chini, kiwanda chote kinasimama. Kwa hiyo sidai kwamba utegeaji peke yake unaeleza kila senti. Ninachodai ni kwamba maelezo yote hayo yanakubaliana juu ya jambo moja ambalo nadharia ya fidia inalikana: aliyekuwa ndani alikuwa na kitu cha kupoteza.

Na mwenye kitu cha kupoteza anaweza kuamrishwa mambo mengi. Kati ya dola 5 zile, dola 2.34 zilikuwa mshahara na 2.66 ziliitwa mgawo wa faida, uliotolewa kwa masharti. Kampuni iliunda idara maalumu ambayo wakaguzi wake walikwenda majumbani mwa wafanyakazi kuuliza kuhusu ndoa, pombe, usafi, akiba na idadi ya wapangaji. Aliyeonekana anaishi vibaya alinyimwa mgawo hadi ajirekebishe. Wanawake hawakuhesabiwa mwanzoni, wala vijana chini ya miaka 22 wasio na watu wa kuwatunza. Jiulize: mlinzi wa usiku anayelipwa fidia tu angemruhusu mwajiri kuchungulia chini ya kitanda chake? Angemfungia mlango na kutafuta kazi ya mchana. Mfanyakazi wa dola 5 alifungua mlango. Huo ni ushahidi mwingine, mbali na foleni, kwamba fedha zile zilinunua kitu zaidi ya uvumilivu wa kazi mbaya. Zilinunua utii.

Kwa nini nagombana juu ya jambo hili katika mkusanyiko wa insha za wanafunzi wa Kiswahili? Kwanza, kwa sababu ya maneno yetu. Wapo wanaoiita ziada hii mshahara wa ufanisi. Msomaji akikutana na maneno hayo anaelewa kwamba mwenye ufanisi hulipwa zaidi, yaani ufanisi hutangulia na mshahara hufuata kama zawadi. Nadharia inasema kinyume: mshahara hutangulia, ufanisi hufuata. Jina linalopindua sababu na matokeo linafundisha kosa kabla mwalimu hajafungua kinywa. Mimi ningependa tuuite mshahara wa kuleta tija, ingawa ni mrefu, na neno fidia tuliachie kazi yake. Posho ya mazingira magumu ni fidia. Malipo ya zamu ya usiku ni fidia. Mshahara unaofanya watu mia moja wagombee nafasi moja isiyo na ugumu wa ajabu si fidia, hata mlipaji akiapa.

Pili, kwa sababu ya watu walio nje ya lango. Anayeamini kwamba kila tofauti ya mshahara ni fidia lazima aamini pia kwamba asiye na kazi nzuri amechagua mwenyewe. Aliogopa jasho, akapenda wepesi. Wangapi wetu tumesikia hukumu hiyo ikitolewa juu ya vijana wa mitaani kwetu? Lakini kama malipo ni ya ziada, kijana huyo yuko tayari kufanya kazi ileile kwa malipo yaleyale, na bado hataajiriwa, kwa sababu ziada hufanya kazi yake pale tu nafasi zinapokuwa adimu. Uvivu wake hauhusiki. Foleni anayosimama ndani yake ni sehemu ya mtambo unaomfanya aliye ndani achape kazi.

Kwa wanaotaka kipimo cha kutumia bila kusoma takwimu, nitaongeza kimoja karibu na foleni. Tazama kama watu wanatoa hongo ili waipate kazi. Hakuna anayehonga ili apate fidia, kwa kuwa fidia inalipa ubaya na haibakizi chochote cha kugawana na mpokea hongo. Penye hongo ya kuingia pana ziada, na anayepokea hongo anajitwalia fungu lake kabla mfanyakazi hajaonja hata mwezi mmoja. Kipimo kingine ni kuhesabu wanaoacha. Kazi inayosifiwa kwamba inalipa vizuri kwa ugumu wake, lakini watu wanaiacha kila mwezi, hailipi hata fidia kamili, kama Highland Park ya mwaka 1913. Kazi ambayo hakuna anayeiacha mpaka azeeke nayo ina kitu ndani yake.

Vipimo hivi vina mipaka. Ziada hailindwi na jina lake. Bei zilipopanda Marekani wakati wa vita vya kwanza vya dunia, dola 5 zilipoteza karibu nusu ya nguvu yake kufikia mwaka 1920, na kiwango kilichowahi kujaza barabara watu hakikuwa tena ziada ya kutisha. Kwa hiyo haitoshi kusema kazi fulani hulipa vizuri kwa sababu ililipa vizuri zamani. Inabidi kurudi langoni kila mara na kutazama nani amesimama pale.

Basi mwenzangu, siku nyingine utakaposimama mdahaloni na kusema kwamba fulani analipwa zaidi kwa sababu kazi yake ni ngumu, nitakuuliza swali moja tu: akifukuzwa leo, atakuwa amepoteza nini? Ukijibu kwamba hatapoteza kitu, umenieleza fidia na nitakubaliana nawe. Ukijibu kwamba atapoteza nusu ya maisha yake, basi usiniambie tena habari za ugumu. Nieleze mwajiri wake ananunua nini kwa fedha hizo, na ni kina nani wanaosubiri nje ili ununuzi huo uwezekane.